Kapasita inayojipasha joto ndani ya pawa saplai: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nina meza ya ufundi Kariakoo, karibu na Mtaa wa Aggrey, na kazi nyingi zinazonifikia ni za pawa saplai: adapta za televisheni ndogo, ving'amuzi, ruta, mashine za kamera za ulinzi. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa na wateja na mafundi wenzangu. Mengi nayajibu kwa kutumia kazi moja tu, adapta ya volti 12 na ampea 2 iliyokuwa ikilisha televisheni ya kinyozi mmoja wa Mwananyamala. Kinyozi yule anaiwasha saa mbili asubuhi na kuizima saa nne usiku, siku zote saba. Ndani ya adapta, upande wa kutolea umeme, kulikuwa na kapasita mbili zilizofungwa sambamba, kila moja mikrofaradi 1000 na volti 25, kipenyo milimita 10 na urefu milimita 20.

Nimepima kapasita kwa testa, inasoma mikrofaradi karibu zote. Kwa nini unasema imekufa?

Kwa sababu testa imekujibu swali ambalo pawa saplai haikuuliza. Testa hupima ni kiasi gani cha chaji kapasita inaweza kubeba, na hupima polepole. Haikuambii chaji hiyo inaingia na kutoka kwa shida kiasi gani.

Kapasita unayoishika mkononi si ile ya kwenye kitabu cha fizikia. Ichukulie kuwa ni kapasita safi iliyofuatiwa na rezista ndogo, zote mbili zimefungiwa kwenye kopo moja, na mkondo hauna njia ya kufika kwenye kapasita bila kupita kwenye rezista hiyo. Rezista hiyo ndiyo mafundi tunayoiita ESR, kwa herufi zilezile zinazoonekana kwenye skrini ya kipimo chake. Fikiria tangi la lita 1000 lenye mdomo mwembamba kama wa chupa ya soda. Ukilipima ujazo litakuambia lita 1000, na ni kweli. Lakini boza likija kumwaga maji kwa kasi, mengi yatamwagika nje.

Zile kapasita mbili za kinyozi zilisoma mikrofaradi 890 na 870. Kwa testa peke yake ningezirudisha mahali pake, kwani kapasita nyingi za aina hii hata zikiwa mpya huruhusiwa kupungua asilimia 20. Kwa kipimo cha ESR zilisoma omu 0.25 kila moja. Mpya za aina inayofaa kazi hiyo husoma omu 0.03 hivi. Mdomo wa tangi ulikuwa umeziba mara nane.

Rezista hiyo iko wapi hasa? Nimepasua kapasita sikuiona.

Hukuiona kwa sababu imetawanyika. Ukipasua kapasita ya alumini unakuta tepe mbili za foili zimeviringishwa pamoja, katikati yake kuna karatasi iliyolowa kimiminika. Sehemu ndogo ya ukinzani iko kwenye foili zenyewe na kwenye ndimi za chuma zinazoziunganisha na miguu. Sehemu kubwa iko kwenye kile kimiminika, elektrolaiti. Mkondo hauna budi kuvuka karatasi iliyolowa, na elektrolaiti si kipitishi kizuri kama chuma. Umeme humo husafirishwa na ioni.

Sasa tazama chini ya kopo utaona kizibo cha mpira. Mpira huo unabana, lakini haubani milele. Mvuke wa elektrolaiti hupenya kidogo kidogo, na kadiri kopo linavyokuwa la moto ndivyo unavyopenya haraka. Karatasi ikikauka, ioni zinakosa njia, ukinzani unapanda. Foili bado zipo na eneo lake ni lilelile, ndiyo maana mikrofaradi huchelewa kushuka wakati ESR imeshapanda.

Adapta inatoa ampea 2 tu. Inakuwaje useme kapasita zinapitiwa na zaidi ya ampea 2?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na mafundi wengi wazuri hawajalikalia chini wakalipigia hesabu.

Televisheni inavuta ampea 2 mfululizo, bila kupumzika. Lakini transfoma ya adapta haitoi mfululizo. Swichi ya upande wa umeme mkubwa inafunga na kufungua mara elfu nyingi kwa sekunde. Kwenye adapta hii nilipima mara 65,000. Katika kila mzunguko kuna muda ambao transfoma inajijaza na haitoi chochote, kisha muda mfupi ambao inamwaga kupitia daiodi. Kwenye osiloskopu niliona daiodi ikipitisha kwa asilimia 40 ya mzunguko, mkondo ukianza na kilele halafu ukiteremka kama mlima hadi sifuri.

Ikiwa kazi yote ya kutoa wastani wa ampea 2 inafanyika ndani ya asilimia 40 tu ya muda, na kwa umbo la mlima, basi kilele hakina budi kuwa kirefu. Hesabu yake ni hii:

```
Kilele:            Ip = 2 × 2 / 0.4       = 10 A
RMS ya daiodi:     Id = 10 × √(0.4 / 3)   = 3.65 A
RMS ya kapasita:   Ic = √(3.65² − 2²)     = 3.05 A
```

RMS ni ule mkondo tulivu ambao ungeleta joto sawasawa na huu unaopanda na kushuka. Televisheni inachukua ampea 2 zake, na kila kinachozidi au kupungua kinabebwa na kapasita. Daiodi ikimwaga ampea 10, televisheni inachukua 2 na kapasita zinameza 8. Daiodi ikifunga, kapasita ndizo zinazotoa zile 2. Mkondo huu wa kwenda na kurudi ndio mkondo wa mawimbi, mafundi wengine huuita ripo. Wastani wake ni sifuri, kwa hiyo testa ya mkondo wa moja kwa moja haiuoni kabisa, lakini rezista ya ndani inauona kote, ukienda na ukirudi.

Kapasita zilikuwa mbili zinazolingana, kwa hiyo kila moja ilibeba nusu, ampea 1.53 hivi. Hiyo si ajali wala ubovu. Ndivyo saketi ya aina hii ilivyo, na aliyeisanifu alipaswa kuchagua kapasita inayoruhusiwa kubeba kiasi hicho.

Joto lenyewe linakuwa kiasi gani?

Kanuni ni ya darasani: mkondo mara mkondo mara ukinzani.

```
P = I² × ESR
mpya:      1.53² × 0.03 = 0.07 W
iliyochoka: 1.53² × 0.25 = 0.58 W
```

Nusu wati inaonekana ndogo mpaka ukumbuke inatokea wapi. Imefungiwa ndani ya kopo la sentimita mbili, limevikwa plastiki, ndani ya boksi lisilo na tundu hata moja. Kwa kopo la ukubwa huu kwenye hewa isiyotembea, makadirio yangu ni kwamba kila wati moja hupandisha joto nyuzi 65 hivi juu ya hewa inayolizunguka. Ile mpya inapanda nyuzi 4 au 5 tu. Iliyochoka, kwa hesabu hii, ingepanda nyuzi 38.

Na hiyo hewa inayolizunguka siyo hewa ya Mwananyamala. Mchana wa Februari nje ni nyuzi 32 au 33. Adapta imelala nyuma ya kioo cha saluni, imefunikwa na nyaya na vumbi la nywele, na ndani yake kuna transfoma, daiodi na swichi vinavyotoa joto lao. Nilipitisha waya wa kipimajoto ndani ya adapta, nikaifunga tena na kuipa mzigo uleule wa ampea 2. Baada ya saa moja hewa ya ndani ilikuwa nyuzi 60.

Kwa hiyo kapasita iliyochoka ilifika nyuzi 98?

Hapana, na sababu yake ni muhimu. Nilipoubandika waya wa kipimajoto kwenye kopo lenyewe, ulitulia kwenye nyuzi 79.

Elektrolaiti ikipata joto inapitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo ESR inashuka. Ile omu 0.25 niliipima juu ya meza kapasita ikiwa imepoa. Ikifika nyuzi 79 ukinzani wake ni karibu nusu ya hapo, joto linalozalishwa linapungua, na mambo yanatulia katikati. Kapasita ina breki yake yenyewe.

Lakini breki hiyo inafanya kazi kwa dakika, na kukauka kunafanya kazi kwa miezi. Leo inatulia kwenye nyuzi 79. Kwa nyuzi hizo mvuke unapenya kwenye mpira haraka kuliko kwenye nyuzi 64 za kapasita mpya, mwezi ujao ESR ya baridi ni kubwa zaidi, inatulia kwenye nyuzi 83, na mvuke unapenya haraka zaidi. Ndiyo maana adapta hukaa miaka bila tatizo, halafu ndani ya wiki chache inaharibika kabisa. Mteja anakuambia "ilikuwa nzima hadi juzi", na hasemi uongo.

Televisheni haiwaki asubuhi, lakini ukiichomeka na kuichomoa mara kumi inawaka na kukaa siku nzima. Ni uchawi gani huu?

Ni breki ileile, umeiona kwa upande wa pili.

Kinyozi alinieleza hivi: "Fundi, kila nikifungua saluni taa nyekundu inapepesa tu. Nikiendelea kuwasha na kuzima, ikishapata moto inakubali." Kila akiwasha, kapasita zilipata joto kidogo, ESR ikashuka kidogo, mpaka ikafika kiwango ambacho televisheni iliweza kuvumilia.

Kilichokuwa kinaizuia ni volti. Mkondo wa kapasita unaruka ampea 10, kutoka kutoa 2 hadi kumeza 8, na ukipita kwenye ukinzani wa kapasita mbili sambamba, yaani omu 0.125, unazirusha zile volti 12 kwa volti 1.25, mara 65,000 kwa sekunde. Kapasita zikiwa nzima, ukinzani wa pamoja ni omu 0.015 na mruko ni volti 0.15 tu. Televisheni ikiona umeme unaoruka volti nzima na zaidi, sehemu yake ya ulinzi inazima, adapta inapumzika, inajaribu tena, inazimwa tena. Ndiyo ile taa inayopepesa.

Drayeri ya nywele inakusaidia kuthibitisha. Chomoa adapta, ifungue, puliza kapasita za upande wa kutolea kwa dakika mbili, rudisha mfuniko, washa. Ikiwaka kwa mara ya kwanza wakati ilikuwa inakataa, umeshajua pa kwenda. Mteja mwingine aliniachia king'amuzi kilichokuwa kinamsumbua nyumbani kwake Makambako kila asubuhi, na hapa mezani kwangu kiliwaka bila shida siku mbili mfululizo. Baridi ya kule ilikuwa inaonyesha ugonjwa ambao joto la Dar lilikuwa linauficha. Nikakiweka kwenye friji usiku mmoja ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, asubuhi kikagoma.

Mteja ana pesa kidogo. Naweza kubadilisha moja tu kati ya hizo mbili?

Tafadhali usifanye hivyo. Mkondo hugawanyika kufuata ukinzani, na hauangalii mikrofaradi zilizoandikwa kwenye kopo. Ukiweka mpya ya omu 0.03 kando ya mzee wa omu 0.25, mpya itabeba sehemu tisa kati ya kumi:

```
mpya:  3.05 × 0.25 / 0.28 = 2.72 A  →  2.72² × 0.03 = 0.22 W
mzee:  3.05 × 0.03 / 0.28 = 0.33 A  →  0.33² × 0.25 = 0.03 W
```

Kapasita niliyotumia, karatasi yake ya maelezo inaruhusu ampea 1.6 kwa nyuzi 105. Umeibebesha 2.72. Itapanda nyuzi 14 badala ya 5, na adapta itafanya kazi vizuri kabisa siku ya kwanza, mteja atakushukuru, kisha atarudi. Adapta iliyotengenezwa namna hiyo nimeipokea mara nyingi: kapasita moja inang'aa, imevimba, na kando yake kuna nyingine ya zamani isiyovimba. Aliyeitengeneza alidhani mpya ilikuwa feki. Huenda ilikuwa halali kabisa, ila alikuwa ameibebesha mzigo wa wawili.

Dukani kuna za nyuzi 85 na za nyuzi 105, bei zinatofautiana kidogo. Kuna haja?

Ipo, na kwa pawa saplai zinazokaa zimewaka kutwa nzima naiona ni lazima. Lakini nyuzi peke yake hazitoshi, tazama pia ESR.

Kanuni ya makadirio inayotumika na watengenezaji wa kapasita za elektrolaiti ni kwamba kila ukipunguza joto nyuzi 10, umri unaongezeka mara mbili. Kapasita niliyoweka imeandikwa saa 3000 kwa nyuzi 105. Ndani ya adapta hewa ni nyuzi 60, yenyewe inaongeza 5, jumla 65. Hapo kuna tofauti ya nyuzi 40, yaani mara mbili mara nne: 3000 mara 16 ni saa 48,000. Kwa kinyozi anayewasha saa 14 kwa siku hiyo ni zaidi ya miaka 9. Sitamwahidi miaka 9, maana kanuni hii ni ya makadirio na mpira wenyewe unazeeka, lakini hapo tuna nafasi ya kutosha.

Sasa chukua kapasita ya kawaida, ya kazi zote, saa 2000 kwa nyuzi 85. Moja niliyoipima ilisoma omu 0.11 kwa kipimo cha ESR. Hiyo itazalisha wati 0.26, itapanda nyuzi 17, itafika 77. Imebakiza nyuzi 8 tu kabla ya kikomo chake, kwa hiyo umri ni takriban saa 3,500. Kwa kinyozi yuleyule ni miezi minane. Na hiyo ni kapasita mpya, halali, yenye mikrofaradi na volti zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani. Ukiilehemu na kuijaribu mezani utaona kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo unapoagiza usiseme tu "elfu moja kwa ishirini na tano". Sema unataka ya pawa saplai, ya ESR ndogo, nyuzi 105, na taja kipenyo na urefu.

Nikiweka mikrofaradi 2200 badala ya 1000, si tatizo litakwisha?

Mara nyingi unapigania kitu ambacho hakikuwa tatizo. Kwa adapta hii, kapasita mbili zina mikrofaradi 2000 kwa pamoja. Katika ule muda ambao daiodi imefunga, chini ya mikrosekunde 10, televisheni inazichota volti 0.009 hivi tu. Linganisha na volti 0.15 zinazoletwa na ukinzani hata kapasita zikiwa mpya kabisa. Ukiongeza mikrofaradi maradufu utapunguza ile 0.009.

Ni kweli kwamba kapasita kubwa zaidi ya aina ileile huwa na ESR ndogo zaidi, hivyo unaweza kupata nafuu kwa njia hiyo, kama kopo litaingia. Lakini 2200 ya kazi zote inaweza kuwa na ukinzani mkubwa kuliko 1000 ya pawa saplai. Amua kwa ESR na kwa ampea za mawimbi zinazoruhusiwa, mikrofaradi zikiwa zilezile au zaidi kidogo.

Vipi zile za polima?

Nzuri sana kwa joto, maana hazina kimiminika cha kukauka na ukinzani wake haubadiliki sana baridi ikiingia. Tahadhari yangu ni mbili. Hakikisha volti zake zinatosha, kwani za polima mara nyingi huuzwa kwa volti ndogo. Pili, baadhi ya saketi zilisanifiwa zikitegemea ule ukinzani mdogo wa kapasita ya kawaida ili udhibiti wa volti utulie. Ukiuondoa kabisa, pawa saplai inaweza kuanza kuyumba na hata kulia. Ukiweka polima, angalia volti kwa osiloskopu, mzigo ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa, kabla hujafunga mfuniko.

Kapasita haijavimba. Naiacha?

Usiiache kwa sababu hiyo. Kuvimba ni gesi kukusanyika ndani hadi kifuniko chenye alama ya msalaba kikainuka. Inayokauka polepole kupitia mpira wa chini hukaa na uso tambarare hadi mwisho. Zile mbili za kinyozi zilikuwa tambarare, safi, hata maandishi hayajafifia. Ukiona imevimba, itoe. Ukiona haijavimba, pima.

Napimaje?

Kipimo cha ESR hupima kwa mawimbi ya kasi, kwa kawaida 100 kHz, na kwa volti ndogo sana kiasi kwamba daiodi na vipande vingine kwenye bodi haviamki. Kwa hiyo mara nyingi unaweza kupima kapasita ikiwa bado kwenye bodi. Zikiwa mbili sambamba utasoma za pamoja, hivyo ukitaka kujua ya kila moja inua mguu mmoja. Gusanisha kwanza ncha mbili za waya na usome ukinzani wa nyaya zenyewe, uutoe kwenye jibu. Pale unapotafuta omu 0.03, waya mbovu utakudanganya.

Usitumie kipimo kimoja kwa kapasita zote. Ile ndogo ya mikrofaradi 22 au 47 inayolisha chipu ya kuongoza swichi ina ESR kubwa kwa asili yake, omu moja si ajabu. Nayo pia huwekwa jirani na vitu vya moto, kwa hiyo kila mara ninapofungua adapta isiyotaka kuanza naipima na hiyo, na nailinganisha na mpya ya ukubwa uleule.

Kama huna kipimo hiki, osiloskopu itakuonyesha ile miruko ya volti kwenye pato, mradi ufupishe waya wa ardhi wa probu kadiri uwezavyo. Ukikosa vyote viwili, weka mpya inayofaa ujaribu. Testa kwenye volti za mbadilishano haitakusaidia, nyingi haziwezi kufuata kasi ya 65,000.

Na ile kubwa ya volti 400, nayo huchoka hivihivi?

Huchoka, lakini maisha yake ni tofauti kidogo. Umeme wetu ni volti 230 kwa mizunguko 50, ukipita kwenye daiodi nne unaijaza ile kapasita mara 100 kwa sekunde hadi karibu volti 325. Kwa kasi hiyo ndogo mikrofaradi zina uzito mkubwa, zikipungua adapta inashindwa kuvuka nafasi kati ya kilele na kilele. Juu yake inabeba pia mkondo wa swichi, na hapo ESR inarudi kwenye hesabu.

Ombi langu moja: hata baada ya kuchomoa, usiiguse wala usiipime kabla ya kuitoa chaji. Mimi hutumia rezista ya kilo-omu 10 na wati 5 yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, naishikiza kwa sekunde kadhaa kisha nahakikisha kwa testa kuwa volti zimeisha. Bisibisi inafanya kazi hiyo kwa cheche zinazoharibu miguu ya kapasita na njia za bodi, na mkono ukiteleza unakuumiza. Kipimo cha ESR nacho huungua ukikigusisha kwenye kapasita yenye chaji.

Nitajuaje kama ninayonunua si feki?

Pima pale pale dukani. Mimi huenda na kipimo mfukoni, na wauzaji ninaonunua kwao wameshazoea, wengine sasa wananiomba niwapimie mzigo mpya ukifika. Kuna makopo madogo yaliyovikwa plastiki ya makubwa. Ukiyabonyeza kwenye ukingo wa juu unasikia nafasi tupu, na ukiyapima uzito ni mepesi kuliko yanayolingana nayo. Mengine yana mikrofaradi kamili lakini ESR ya omu 0.1 huku yameandikwa kuwa ni ya pawa saplai. Hayo kwa testa hutayajua.

Kwa kinyozi nilipima sita nikachukua mbili zilizosoma 0.03 zote. Nilizilehemu, nikarudisha waya wa kipimajoto mahali palepale, nikaipa ampea 2 kwa saa nzima. Kopo lilitulia kwenye nyuzi 64, na miruko kwenye pato ilikuwa chini ya volti 0.2. Nilipomkabidhi nilimwambia jambo moja tu, aitoe adapta nyuma ya kioo na kuitundika pembeni mahali pa hewa. Aliipigilia msumari mdogo ukutani siku ileile.